Deiwaka na Karani

Juzi kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa la mwanangu alitoa kishikwambi ili asome maendeleo ya watoto. Nikakitambua mara moja. Ni vile vya Sensa ya 2022, vilivyogawiwa walimu baada ya kazi kwisha. Mzazi mwenzangu akanisonta kiwiko, maana jina la mtoto wangu lilishasomwa na mimi nimetoa macho tu.

Mwaka ule nilikuwa bado naishi kwa mama, Igoma, Mwanza. Jioni nafundisha twisheni ya hesabu ya kidato cha pili, usiku nafungua Ajira Portal kuomba kazi za serikali. Usaili ndio ulikuwa unanifilisi. Tangazo huwa halifichi: kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Tena uende na vyeti halisi, "provisional results" hazipokelewi. Kutoka Mwanza mpaka Dodoma na kurudi, hela ya twisheni ya mwezi ilikuwa inaishia kwenye basi. Kwa hiyo zilipotangazwa nafasi za makarani wa sensa sikujiuliza mara mbili. Tulisailiwa kwenye kata, tukaingia mafunzoni, na posho zikawa zinaingia kwa awamu. Awamu hizo ndizo zinazotesa, kwa sababu mwenye duka anakupa unga leo na hajui awamu ni nini.

Usiku wa kuamkia Agosti 23 nilipangiwa stendi, kuhesabu wasafiri. Mchana wake nikaanza kaya kwa kaya, nikisindikizwa na mjumbe wa shina.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa na mama mmoja anayekanda unga wa mandazi barazani. Tulienda vizuri: majina, umri, elimu, ulemavu. Tukafika kwenye kazi.

"Mimi sina kazi, baba. Nipo tu."

Mafunzoni tulikazaniwa sana hapo. Mtu akisema hana kazi usibonyeze haraka, umdadisi kwanza. Anauza chochote? Analima? Anasaidia biashara ya familia bila kulipwa? Usipouliza, nusu ya mtaa inaonekana imekaa bure wakati imeamka tangu alfajiri.

"Hayo mandazi ni ya kula nyumbani, mama?"

"Ya kula nyumbani ndoo nzima? Naenda kuuza pale shuleni."

Nikamwingiza kama mtu anayejishughulisha mwenyewe. Akacheka, akanifutia unga uliodondokea kwenye kioo cha kishikwambi kwa upindo wa kanga.

Kisha akatoka mwanawe, wa rika langu, kofia ya pikipiki mkononi. Elimu: chuo kikuu, ugavi. Kazi: "Andika sina." Nikamuuliza ile pikipiki ni ya nani. Ya mtu. Yeye ni deiwaka, anaiendesha siku mwenyewe akipumzika, anapeleka hesabu, kinachobaki chake.

"Basi unafanya kazi."

"Nimesoma ugavi. Hiyo ya pikipiki nasukumia siku. Ukiandika nina kazi, serikali itajua tumeshapata."

Mjumbe alijikohoza. Mama aliendelea kukanda. Nikamweleza kwamba swali linataka alichofanya, halitaki alichosomea, na cha kusomea kina sehemu yake. Akanitazama, akatazama kizibao changu cha sensa.

"Na wewe kwenu wamekuandika nani?"

Sikuwa na jibu. Waliokesha kazini huhesabiwa kwenye kaya zao, na kwetu karani mwingine alikuwa ameshapita. Nikamwambia mimi ni karani. "Mpaka lini?" akauliza. Mjumbe akacheka kwanza, tukafuata sisi. Nikamwandika bodaboda, akaridhia kwa shingo upande.

Jioni nikamuuliza mama alimjibu nini yule karani. "Nilimwambia unasubiri ajira. Akanibana sana, mara unafundisha watoto, mara unalipwa shilingi ngapi. Mimi nikashika langu." Sijui mwisho alibonyeza nini.

Hela ya sensa niliigawa siku ileile ilipokamilika: deni la dukani, umeme, na bahasha ya Dodoma ambayo niliapa haiguswi. Usaili ulipokuja nilikwenda, nikalala gesti na wenzangu wawili kitanda kimoja, maana mchujo ukipita unasubiri tena siku ya mahojiano na kila usiku ni hela. Mchujo nilipita. Mahojiano sikupata. Bahasha ikaisha palepale, nikabaki nawaza kama kibarua kilinisaidia kutafuta kazi, au usaili ndio ulikula kibarua. Bila bahasha nisingefika, hilo nalijua. Ila mama alikuwa na paa linalovuja, na hela ile ingetosha mabati.

Nilirudi na basi la usiku. Jumatatu watoto wa twisheni walinisubiri mlangoni wakiwa na madaftari yao. Wawili walikuwa wameshahamia kwa mwalimu mwingine.