Keshia anapoukata muamala mmoja vipande vitatu

Kwenye uwakala wetu wa pesa hapa Mwanjelwa, Mbeya, keshia ana ukomo wa shilingi 500,000 kwa muamala; zaidi ya hapo msimamizi aidhinishe. Msimu wa mpunga dirisha likijaa, makeshia wakapata njia ya mkato: mteja wa 1,400,000 anawekewa 500,000, tena 500,000, kisha 400,000. Mfumo wetu wa dirishani unapitisha zote, na msimamizi anashtukia floti imekauka. Kwenye ripoti inaonekana wazi: namba moja ya mteja, dakika chache, kiasi kilekile cha ukomo kikijirudia.

Kushusha ukomo kungerefusha foleni tu. Niliufanya mfumo ujumlishe kiasi kipya na vyote alivyowekewa mteja huyo siku hiyo, ndipo ulinganishe na ukomo. Sasa 500,000 ya kwanza inapita, ya pili inamsubiri msimamizi. Jumla inafuata namba ya mteja, si keshia, la sivyo mteja atahamia dirisha la jirani.

Msimamizi naye akikaa dirishani haidhinishi muamala alioufungua mwenyewe. Unaenda kwa mwenye ofisi. Hili lilinuniwa kidogo, lakini sikulilegeza.