Daraja halijaonekana, jina limeshatajwa

Alhamisi usiku, Sinza

Leo tumekaa chumba cha kuhariria tangu saa nne asubuhi, na sehemu tuliyoimaliza haifiki hata dakika moja. Filamu yetu inahusu reli ya TAZARA, na pale tulipokwama ni pale treni inapopanda kutoka Mlimba kwenda Makambako. Naandika usiku huu huu, kabla usingizi haujanipokonya.

Picha zenyewe ni tatu. Kwanza milima na misitu inayopita dirishani, sekunde 10. Kisha daraja la mto Mpanga lililopigwa kwa droni, sekunde 9. Halafu treni inaingia kwenye handaki, giza na mlio wa magurudumu, sekunde 7, ndipo tunamwona mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye ujenzi akianza kuzungumza.

Sentensi niliyokuwa nimeandika kwa ajili ya milima na daraja ni hii:

"Daraja la mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa mita hamsini hivi, lilijengwa katika kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kati ya Mlimba na Makambako, ambako wajenzi walilazimika kutoboa milima na kuvuka mabonde."

Nilikuwa nimeipima. Mimi sihesabu maneno, maana neno letu moja kama "walilazimika" lina silabi sita na "na" ina moja tu. Nahesabu silabi. Dada anayetusimulia, akisoma kwa utulivu, hutoa silabi tano hivi kwa sekunde. Sentensi ile ina silabi 90, yaani sekunde 18, na picha mbili zina sekunde 19. Nikaridhika. Tulipoiweka chini ya picha, ikaenea vizuri kabisa, na bado haikufaa.

Tuliicheza mara tatu kabla kaka mhariri hajasema, "Mbona daraja umelitaja tukiwa bado msituni?" Kweli. Neno "daraja" lilikuwa likisikika sekunde ya kwanza, mtazamaji anaangalia miti. Daraja lenyewe linapotokea, sekunde kumi baadaye, msimulizi ameshafika "kati ya Mlimba na Makambako". Jicho linatafuta jina, sikio linapewa ramani. Urefu haukuwa na kosa lolote, kilichokosewa ni mpangilio. Kupunguza maneno kusingesaidia kitu, na kumwambia dada aongeze mwendo kungeharibu zaidi. Mwezi uliopita tulijaribu hilo kwenye sehemu nyingine: irabu zikaanza kumezwa, "ilikokuwa" ikawa "ilkokuwa", na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, ule unaomwonyesha msikilizaji neno limekomea wapi, ukapotea.

Basi nikaipindua sentensi. Kwenye milima nikaweka: "Kati ya Mlimba na Makambako ndiko kazi ilikokuwa ngumu kuliko kote. Wajenzi walitoboa milima, wakavuka mabonde." Silabi 45, sekunde 9. Ikianza nusu sekunde baada ya picha kuingia, inamalizika nusu sekunde kabla ya daraja. Hiyo nusu sekunde ya mwanzo naipenda sana. Jicho lipate kwanza kuona, ndipo sikio liambiwe.

Kwenye daraja ndipo Kiswahili chenyewe kilipotusaidia. Droni inaanzia majini, inapanda polepole na nguzo, inafika juu kwenye reli. Nikaandika: "Juu ya mto Mpanga likasimama daraja." Mto unatajwa tukiwa majini. "Likasimama" inakuja kamera ikipanda, na ile "li-" inamwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kinakuja, bado hakijatajwa. "Daraja" inaangukia pale pale reli inapotokeza. Mahali mbele, kitenzi katikati, mtendaji mwisho: ndivyo tunavyosema kila siku, "mlangoni amesimama mgeni", na hakuna anayeona ajabu. Ningeandika "Daraja likasimama juu ya mto Mpanga", maana ingekuwa ile ile, ila jina lingetangulia picha kwa sekunde mbili nzima.

Halafu ikabaki sentensi ya nguzo. Hapa kaka akataka tukate. "Nguzo zinaonekana," akasema, "za nini kuzitaja? Sema tu zina urefu wa mita hamsini hivi." Kwa kawaida naungana naye: kisichohitaji kusemwa kwa sababu kinaonekana, kikatwe. Tukarekodi bila "nguzo zake". Mama aliyetuletea chakula cha mchana akawa amesimama mlangoni anatazama. Ilipopita akauliza, "Zipi hizo zenye mita hamsini?"

Nilitamani nimkumbatie. Tulikuwa tumekata nomino na kuacha kiambishi chake kinaning'inia. "Zina" inadai ngeli, na nomino ya mwisho kusikika ilikuwa "daraja", ambalo ni "lina". Msikilizaji anarudi nyuma kutafuta "zi-" ni ya nani, na akirudi nyuma ameshaacha kuangalia picha. Tangu leo nikikata nomino yoyote, nitafuata viambishi vyake vyote hadi mwisho wa aya. Tumerudisha: "Nguzo zake zina urefu wa mita hamsini hivi." Silabi 18, sekunde tatu na nusu. Daraja lote linachukua sekunde 7 kasoro kidogo kati ya 9, na zinazobaki ni za kutazama. Tulichokipunguza hatimaye ni zile "ambalo", "ambako", "kilichokuwa" na "walilazimika", maneno ya kuunganishia ambayo hayakuwa na picha hata moja.

Kwenye handaki nilikuwa nimeweka miaka: "Kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975." Kwenye karatasi ni mstari mfupi. Ukiisoma, "elfu moja mia tisa sabini" na mwenzake vinakula zaidi ya sekunde sita, handaki lote. Na handaki ndipo mlio wa treni unapobadilika, unakuwa mzito, unarudi masikioni kutoka ukutani. Nikaitoa miaka nikaihamishia nyuma, kwenye picha mnato ya wafanyakazi, isiyo na sauti yoyote. Na kwa kuwa mwaka kamili tumeshautaja mwanzoni mwa filamu, pale nimeandika wanavyosema wazee: "kuanzia mwaka sabini hadi sabini na tano." Sekunde tatu na kitu.

Handaki sasa halina neno. Kaka alisita, akahofia watu watadhani sauti imekatika. Nikamwambia asikilize: magurudumu yapo, mwangwi upo, kisha mwanga, kisha mzee. Ukimya wenye sauti ya mahali ni pumziko. Tungenyamaza vile vile juu ya filamu ya kale isiyo na sauti, hapo kweli watu wangeinuka kutafuta rimoti. Na mzee akitoka gizani na kusema "Tulikuwa vijana sana", sauti yake inapata nafasi yake, haigongani na ya dada.

Kesho saa tatu dada anarudi kusoma upya sehemu ya daraja. Kwenye skripti nimemwekea mikwaju miwili baada ya "Mpanga", asipumue hapo, na mmoja baada ya "daraja", apumue. Hapana, nimekosea, nimeiandika kinyume: miwili ndiyo ya kupumua. Ngoja nikarekebishe kabla sijalala.