Moyo, kofia na maumivu: neno moja kinywani mwangu

Usiku wangu wa pili wa kushika zamu peke yangu kwenye nyumba ya wazee, hapa Lesta, Uingereza, bibi wa chumba cha mwisho aliteleza akitoka msalani, akajigonga paja kwenye ukingo wa kitanda. Hakuvunjika, ila paja lilianza kubadilika rangi, na utaratibu wetu unataka mtu akianguka upige simu ya ushauri wa matibabu. Nikapiga. Nikamwambia mama aliyepokea kwamba bibi ameumia, "hurt". Akauliza, "Her heart?" Nami, kwa furaha ya kueleweka haraka namna ile, nikajibu ndiyo, "hurt".

Maswali yakabadilika. Anapumua vizuri? Anatokwa na jasho la baridi? Mkono wa kushoto una ganzi? Nikadhani ndivyo wanavyouliza kwa kila aliyeanguka, nikajibu moja moja. Aliposema anatuma gari la wagonjwa ndipo nikashtuka na kuanza kupiga kelele "leg, leg". Wakati huo mwenye moyo alikuwa kitandani anakula biskuti.

Asubuhi nikajirekodi kwenye simu maneno manne: "hat", "hut", "heart", "hurt". Kofia, kibanda, moyo, kuumia. Nilipojisikiliza nikakuta nimesema hat, hat, haat, haat. Sasa huyo mama wa watu angejuaje?

Mwenzangu wa kazi, dada mmoja wa Unguja aliyetangulia huku miaka mingi, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa dawa: "Kaka, wewe umejifunza Kiingereza kwa macho. Nunua daftari, uandike unavyosikia, si unavyosoma." Kweli kabisa. Nilikulia Singida, na maneno mengi ya Kiingereza niliyaona ubaoni kabla sijawahi kumsikia mtu akiyasema. Na mtu aliyezoea Kiswahili akiona herufi, ataitamka tu.

Daftari lilianza kwa kunipa raha, kwa sababu herufi bubu haziwezi kukaa ndani yake. Mwili wa Mwingereza umejaa herufi hizo, na mlezi hushinda akiutaja mwili. Goti ni "knee", nikaandika nii. Kifundo cha mkono, "wrist", rist. Kidole gumba, "thumb", tham. Kiganja, "palm", paam. Shavu la mguu, "calf", kaaf. Msuli ni "muscle", masl, ile "c" imelala kabisa, lakini ukisema "muscular" inaamka na kusikika. Ndani ya wiki mbili nilikuwa na kurasa tatu, na kikubwa zaidi, nikaanza kuyasikia maneno ambayo wenzangu walikuwa wakiyasema mbele yangu muda wote. Nilikuwa nasubiri "Wed-nes-day" na wao wanasema Wenzdei.

Majina ya mahali yana wazimu wake. Lesta yenyewe wapenzi wa mpira wanaijua kutoka redioni, kwa hiyo hakuna anayetaabika sana na "Leicester". Ila katikati ya mji kuna mtaa umeandikwa Belvoir Street. Niliutafuta kwa kuulizia "Belvoa", na watu wakawa wananitazama tu. Unaitwa Biva.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba si herufi zote bubu zina asili moja. Ile "k" ya "knee" zamani ilitamkwa kweli. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda polepole huku ndimi za watu zikiendelea na safari. Lakini "b" ya "debt", deni, haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote wa kawaida. Neno liliingia kutoka Kifaransa bila "b", kisha wasomi wa karne ya 16 wakaichomeka ili lifanane na Kilatini. Kwa hiyo ukikosea "debt" usijilaumu, kosa ni la wasomi. Sisi tahajia yetu bado changa: Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Hatujapata muda wa kuachana na herufi zetu.

Kwenye "th" daftari lilishinda zaidi, maana hapa Kiswahili kimewazidi wenyewe. Wao wana sauti mbili na maandishi ya aina moja. Sisi tuna th ya thamani na dh ya dhahabu, kila moja na herufi zake. Shida ni kwamba sisi wa bara wengi tumekua tukisema selasini na zambi, na waalimu wetu hawakuhangaika, kwa sababu kwa Kiswahili bado unaeleweka. Huku hueleweki. Niliwahi kuandika vizuri kwenye ripoti kwamba bibi ana vidonda mdomoni, "mouth", kisha nikaisoma ripoti hiyo kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu, na watu wakasikia ana panya, "mouse".

Dada wa Unguja hakuwa na tatizo hilo hata kidogo, na alinifundisha kwa kioo cha bafuni. Sema thelathini, kama huioni ncha ya ulimi ikichungulia kati ya meno, umesema selasini. Kisha weka vidole kooni: kwa dh koo linatetemeka, kwa th limetulia. Baada ya hapo kazi ni kujua ipi iende wapi, na kuna mpangilio unaosaidia. Vile vineno vidogo vinavyoonyesha na kuunganisha, "the", "this", "they", "then", huanza kwa dh. Maneno mazito, ya kufikiri, kushukuru na kuhesabu, "think", "thank", "three", huanza kwa th. Katikati ya maneno ya nyumbani kama "mother" na "brother" ni dh. Mwishoni huwa th, ila ikifuatwa na "e" bubu hugeuka dh: pumzi ni "breath", breth, na kupumua ni "breathe", briidh. Wapo wakaidi kama Thomas na mto Thames wenye t tupu, lakini hao ni wa kukariri.

Sasa irabu. Hapa ndipo daftari liliponiangusha.

Babu zetu waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walikuwa na alama tatu tu za irabu kwa sauti tano, hivyo i na e zilishiriki alama moja, na msomaji akajaza mwenyewe. Mimi nilikuwa katika hali hiyo hiyo, mbaya zaidi. Irabu tano za Kiswahili, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban sauti ishirini za irabu, ukijumlisha zile zinazoteleza kama ai na au. Nilidhani nitaponea kwenye urefu: "ship" niandike ship, "sheep" niandike shiip, basi. Nikawa navuta. Mwalimu wa darasa la jioni, mama mmoja mpole, akaniambia kondoo wangu ana silabi mbili. Kweli. Kwetu irabu mbili ni mapigo mawili: cho-o, ka-a, kondo-o. Hivyo nilikuwa nasema shi-ip, na u kidogo mwishoni. Akanipigisha kofi mezani, kofi moja kwa neno moja, mpaka kondoo akaingia kwenye pigo moja.

Bado hakunielewa. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha shuleni: urefu si tofauti yenyewe. Akasema "beat" na "bid" mara kadhaa, nikamrekodi, tukatazama mawimbi kwenye skrini. Irabu ya "beat", ambayo tunaiita ndefu, ilikuwa karibu sawa kwa urefu na ile ya "bid", ambayo tunaiita fupi. Sababu ni konsonanti inayofuata. Mbele ya t, k, p na s Mwingereza hukata irabu upesi. Mbele ya d, g, b na z huiachia. Kwa hiyo "seat" ni fupi kuliko "seed" japo zote ni ii, na mara nyingi hiyo ndiyo inayomwambia msikilizaji kama umesema t au d, maana d yenyewe ya mwishoni inasikika kwa shida.

Kinachotenganisha "ship" na "sheep" ni mahali pa ulimi. Ya "sheep" ni i yetu ya shina, ulimi juu, midomo imevutwa kama unatabasamu. Ya "ship" inakaa kati ya i yetu na e yetu. Mazoezi yangu yalikuwa haya: nilisema shep, nikasema ship, kisha nikatafuta katikati, kidevu kikiwa kimelegea kama cha mtu aliyechoka. Ukiweka kidole chini ya kidevu utakisikia kikishuka kidogo. Kwenye daftari nikaiandika i yenye kistari chini, kwa kuwa Kiswahili hakina herufi yake.

Maneno yangu manne nayo yakapata makazi. "Hut" ndiyo iliyo karibu na a yetu, fupi. Ingawa hapa Lesta wenyeji wengi huisema karibu na u, wakiita "bus" bus kama ilivyoandikwa, kwa hiyo huku ukisoma Kiswahili unaweza kupatia kwa bahati. "Hat" ni a ya mtu anayetabasamu, imeegemea e. "Heart" fungua kinywa kama daktari anataka kuona koo. "Hurt" ndiyo iliyonichukua miezi. Msaada ulitoka mahali nisipotegemea: msikilize Mwingereza anapositasita akitafuta neno. Sisi husema eee, yeye hutoa sauti ya katikati ya kinywa, midomo haina kazi, ulimi haugusi popote. Sauti hiyo hiyo ndiyo irabu ya "hurt", na ya "nurse", na ya "shirt". Ile "r" usiitamke, isipokuwa ukihamia Skotilandi au Marekani.

Hata hivyo kwenye simu sijiamini. Nikipiga usiku husema "pain", kisha nataja kiungo, kisha naomba yule wa upande wa pili arudie alichosikia.

Bibi wa chumba cha mwisho alisimuliwa kisa chake chote. Siku za baridi tukitaka kutoka bustanini hunituma nimletee "hat" yake, kisha hunikazia macho, mkono ameuweka kifuani, anangoja aone nitakimbilia kabatini au kwenye simu.