Ubao wa mapafu: mipira 12 ya dripu na pampu ya tangi la samaki

Wiki ya tatu

Ubao wa kuonyesha jinsi damu inavyosukumwa kupita mapafuni umesimama uani kwangu Mabibo, Dar es Salaam, na hauvuji tena. Nauandaa kwa wanafunzi wangu wa utabibu, ambao hutaja presha ya 120/80 bila kufikiri, lakini ukiwauliza presha ya ateri ya mapafu wananyamaza. Ni karibu 25/10, wastani wa 15.

Nimegeuza milimita za zebaki kuwa sentimita za maji, kwa sababu maji yanaonekana. Wastani wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, kama 93, ni maji yaliyosimama mita 1.26. Wastani wa ateri ya mapafu ni sentimita 20 tu. Nilifunga mipira miwili ya levo ukutani, mmoja kwa kila kimo. Fundi aliyenichongea ubao alisimama akaitazama. "Mwalimu, huu mfupi nao unasukuma damu ileile?" Ndiyo fundi, damu ileile, lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia.

Hapo ndipo ukinzani, yaani jinsi mishipa inavyozuia damu kupita, unapojieleza wenyewe. Mwilini, presha inashuka kutoka 93 hadi karibu 3 damu inaporudi moyoni: 90 gawanya kwa lita 5, ukinzani ni 18. Kwenye mapafu inashuka kutoka 15 hadi kama 8 kwenye atriamu ya kushoto, chumba cha moyo kinachopokea damu kutoka mapafuni: 7 gawanya kwa lita 5, yaani 1.4. Mishipa ya mapafu ni mifupi, kuta zake nyembamba, na kapilari zake ni nyingi mno, zimepangwa sambamba. Ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni, imejengwa kwa kazi hiyo nyepesi. Ukuta wake ni milimita 3 hadi 5, wakati wa kushoto unakaribia 10.

Wiki ya nne

Pampu nimeipata mtaa wa Gerezani. Imeandikwa `H.max 0.6m`, yaani haipandishi maji kupita sentimita 60, na ndiyo niliyoitaka. Ventrikali ya kulia ambayo haijazoea mzigo, ikishtukizwa, haiwezi kupandisha wastani wa ateri ya mapafu kupita takriban 40, sawa na sentimita 54 za maji.

Maji yanapita kwenye mipira 12 ya dripu iliyo sambamba, kila mmoja wa mita 1.3, kisha yanamwagikia ndoo iliyoinuliwa sentimita 11 kuwa atriamu ya kushoto. Mipira yote ikiwa wazi, levo inasoma 20 na jagi linapokea lita 1 kwa dakika. Nikabana mipira 6, kama bonge la damu lililoziba nusu ya njia: levo ikapanda hadi 26, jagi likapata lita 0.85. Nikabana 9: levo 34, jagi lita 0.65.

Nilirudia mara tatu kwa sababu matokeo haya ndiyo kiini cha ubao wote. Anayetazama levo peke yake atasema presha imepanda, basi pampu inasukuma kwa nguvu. Jagi linasema vingine: kadiri presha inavyopanda ndivyo mtiririko unavyokufa. Mgonjwa ambaye mishipa ya mapafu yake imeziba ghafla hufika akihema, mishipa ya shingo imetuna, na presha ya mkononi iko chini.

Mapafu halisi yanavumilia kuliko ubao wangu, kwani yana kapilari za akiba zinazofunguka na zilizo wazi hutanuka. Ndiyo maana mtu akikimbia, damu inaongezeka maradufu na zaidi lakini presha inapanda kidogo. Akiba hiyo ikishaliwa, kila mshipa unaoziba unalipiwa na ventrikali.

Wiki ya tano

Pampu haivimbi, moyo unavimba. Kwa hiyo nilichukua boksi gumu la plastiki, nikaligawa katikati kwa mpira wa glavu ya upasuaji: kulia ventrikali ya kulia, kushoto ya kushoto. Glavu ya kwanza ilichanika kwenye skrubu. Ya pili niliibana kwa fremu ya mbao iliyopigwa msasa.

Upande wa kulia ulipopanda kutoka sentimita 20 hadi 34, mpira ulibenuka kushoto na maji ya kushoto yakamwagika kwenye kikombe. Boksi halitanuki, kama ulivyo mfuko unaouzunguka moyo, angalau moyo unapovimba ghafla. Kushoto kukipata nafasi ndogo, aota inapata damu kidogo, na presha yake inashuka. Msuli wa ventrikali ya kulia nao hulishwa na mishipa inayotoka aota. Unanyimwa damu saa ileile unayoihitaji zaidi, unalegea, unavimba, na ukuta unazidi kusogea kushoto. Mzunguko huo unaua, wala ubao hauwezi kuuonyesha wote, maana pampu yangu inakula umeme wa ukutani.

Jumamosi nitafungua mipira yote 12 kisha nipandishe ndoo ya atriamu ya kushoto hadi sentimita 34, kama kwa mgonjwa ambaye vali yake ya mitrali, mlango wa kutokea atriamu ya kushoto, imebana baada ya homa ya baridi yabisi. Kwa hesabu yangu levo itasoma karibu 39, bila mpira hata mmoja kuzibwa.