Kusoma fezi kwa kyubiti tatu: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi

Nimeamua kuandika saketi ya kukadiria fezi kwa mkono, geti moja baada ya jingine, bila kuita badiliko la Fourier lililokwisha kutengenezwa ndani ya Qiskit, maktaba ya Python ya kuandikia saketi za kwanta. Kazi yenyewe ni hii: kuna geti U, na kuna hali ambayo U haiifanyi lolote ila kuizungushia fezi yake kwa sehemu φ ya mzunguko mzima. Hali hiyo ndiyo vekta ya aigeni, na thamani yake ya aigeni ni e^(2πiφ). Ninachotafuta ni φ.

U yangu ni geti la P, linaloiacha |0> ilivyo na kuizungusha |1>. Jibu nalijua kabla sijaanza, na ndiyo sababu nikalichagua: saketi ikidanganya nitaikamata.

Ukipima |1> utapata 1, iwe imezungushwa au haijazungushwa. Fezi ya hali nzima haionekani. Ndiyo maana U inawekewa kidhibiti: kyubiti ya pembeni inapitishwa kwenye geti la Hadamard iwe nusu |0> nusu |1>, kisha U inafanya kazi upande wa |1> tu. Hali lengwa inabaki kama ilivyokuwa, na mzunguko unahamia kwenye kyubiti ya pembeni, kama tofauti kati ya |0> yake na |1> yake. Tofauti hiyo sasa inapimika.

Ninazo kyubiti tatu za kuhesabia. Namba 0 inadhibiti U, namba 1 inadhibiti U mara mbili, namba 2 inadhibiti U mara nne.

Jumamosi usiku

Kwa nini mara moja, mbili, nne? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na karatasi. Andika φ kwa tarakimu za mfumo wa mbili: 0.b1b2b3. Kuizidisha kwa mbili ni kusogeza nukta hatua moja kulia, na chochote kilichobaki kushoto kwa nukta ni mizunguko mizima, ambayo haina athari yoyote. Kwa hiyo kyubiti namba 2 inabeba 0.b3 peke yake, namba 1 inabeba 0.b2b3, na namba 0 inabeba yote matatu.

Chukua φ = 3/8, yaani 0.011. Kyubiti namba 2 imezungushwa 3/8 mara nne, sawa na mzunguko mmoja na nusu. Ule mzima unafutika, inabaki nusu. Hadamard ikikutana na nusu mzunguko inatoa 1 kwa uhakika, na ikikutana na sifuri inatoa 0. Basi b3 = 1.

Kyubiti namba 1 ina 3/4 ya mzunguko, na Hadamard ingetoa jibu la bahati nasibu. Lakini b3 tumeshaijua, na mchango wake hapa ni robo. Tunairudisha nyuma robo, inabaki nusu, Hadamard inatoa 1. Kyubiti namba 0 ina 3/8: toa robo kwa ajili ya b2, toa 1/8 kwa ajili ya b3, inabaki sifuri. Jibu ni 011.

Hicho ndicho kinyume cha badiliko la Fourier, chote. Nilikuwa nimezoea kuliona kama matriki kubwa ya namba changamano, kumbe saketi yake ni kutoa deni la biti ya chini kabla ya kusoma ya juu. Tofauti pekee ni kwamba hatupimi katikati. Kule kutoa kunafanywa na geti zenye kidhibiti, kwa hiyo biti zikiwa bado kwenye mchanganyiko kazi inaendelea vilevile.

```python
qc = QuantumCircuit(4, 3)
qc.x(3)
qc.h([0, 1, 2])
for k in range(3):
    qc.cp(2*pi*phi * 2**k, k, 3)

qc.h(2)
qc.cp(-pi/2, 2, 1)
qc.h(1)
qc.cp(-pi/4, 2, 0)
qc.cp(-pi/2, 1, 0)
qc.h(0)
qc.measure([0, 1, 2], [0, 1, 2])
```

Jumapili

Nimejaribu φ = 1/4, yaani geti la S. Limetoka `010`, mara zote. Nikajipongeza. Kisha φ = 1/8, geti la T, lililopaswa kutoa `001`, likatoa `100`. Eti nusu mzunguko!

Nimepoteza asubuhi nikikagua pembe, na pembe hazikuwa na kosa. Qiskit inachapisha biti namba 0 kulia kabisa, nami b1, yenye uzito mkubwa, nilikuwa nimeiweka hapohapo. Jibu lilikuwa linasomwa kinyumenyume. Geti la S lilinificha kosa kwa sababu 010 ni ileile ukiisoma kutoka upande wowote. Dawa yake ni mstari wa mwisho kuwa `qc.measure([0, 1, 2], [2, 1, 0])`. Vitabuni wanaweka geti za kubadilishana nafasi, lakini kama unapima tu hapo mwisho huzihitaji.

Tangu leo nikijaribu saketi ya namna hii naanza na 1/8.

Jumatano

φ = 1/3. Haiishi kwa tarakimu tatu, wala kwa tarakimu ngapi zozote. Kutoa deni hakufiki sifuri wala nusu kamili, hivyo kila Hadamard inabaki na shaka kidogo. Jibu la karibu zaidi ni 3/8, na linatoka kwa takriban asilimia 69. Linalofuata ni 2/8, asilimia 17 na nusu, na yaliyobaki yametawanyika.

Nikaongeza kyubiti ya nne nikitegemea ile 69 ipande. Haikupanda: jibu la karibu sasa ni 5/16, na uwezekano wake ni asilimia 68 na nusu. Kilichobadilika ni umbali kutoka 1/3, uliokuwa 1/24 na sasa ni 1/48. Kyubiti mpya imekata rula kwa mistari myembamba zaidi, haikuongeza uhakika wa kugusa mstari wa karibu.

Ijumaa

Kwa kuchoka niliandika `crz`, yaani geti la RZ lenye kidhibiti, badala ya `cp`, ambayo ni P yenye kidhibiti, φ ikiwa 1/8, kyubiti tatu za kuhesabia. Yakatoka majibu mawili yanayolingana, `000` na `001`. Dhana yangu ya kwanza: hali lengwa si vekta ya aigeni. Kweli ukiweka |+> badala ya |1> unapata hayohayo mawili, kwa sababu |0> ina fezi sifuri na |1> ina 1/8, na kila mara unasoma moja wapo.

Ila ukitazama vizuri, |+> inagawa nusu kwa nusu na hakuna jibu la tatu. Mimi nilikuwa na asilimia 41 kila upande, na 18 zilizosalia zimemwagika kwenye majibu mengine. Huo ni mmwagiko wa fezi iliyokaa katikati ya mistari miwili. RZ inagawa pembe yake mara mbili, nusu hasi kwa |0> na nusu chanya kwa |1>, hivyo |1> yangu ilizungushwa 1/16 tu, katikati kabisa ya 0 na 1/8. Hakuna mahali pabaya zaidi pa fezi kukaa.

Nimeongeza kyubiti ya nne bila kugusa `crz`, ili nihakikishe. `0001`, mara zote.