Nafasi mbili, matangazo sita

Jana jioni hapa Kirumba, nikipanga orodha ya kazi ninayowaandalia vijana wa mtaani, nilikuta matangazo sita ya mtunza stoo wa kiwanda cha samaki, mengine yakimwita msimamizi wa ghala, na mawili ya mawakala yakificha jina la mwajiri. Tarehe ya kuchapishwa haisaidii kujua kama ni nafasi ileile, kwa kuwa kila tovuti huweka yake. Nilichukua sentensi moja ya majukumu, ile ya kurekodi joto la chumba cha baridi kila baada ya saa mbili, nikaitafuta ndani ya alama za nukuu. Yote sita yalikuwa nayo neno kwa neno. Matano yalitaja Mwanza na siku ileile ya mwisho wa maombi, nikabakiza la mwajiri mwenyewe. La sita lilitaja kituo cha Musoma. Hilo sikulifuta, maana ni nafasi nyingine kabisa.