Pikipiki Kumi na Nne, Mtungi Mmoja wa Oili

Nilipokabidhiwa stoo ya kampuni yetu pale Malindi mwaka 2017, tulikuwa na pikipiki kumi na nne za aina tano. Kampuni iliuza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo, na maafisa wa nyanjani walizunguka kutoka Watamu na Gede hadi Marereni, wengine wakipanda Marafa na Garashi. Kila meneja aliyepita alinunua aliyoipenda, akaondoka, akaniachia spea zake.

Rafu ilijaa lakini haikuwa na kitu. Nilikuwa na nyaya za klachi za pikipiki mbili zilizokwisha kuuzwa, ila waya wa ile iliyokatika jana sikuwa nao. Ukiwa na aina tano, lazima uweke waya mmoja wa kila aina, na mingi italala hapo mpaka ishike kutu. Zote zikiwa aina moja, nyaya mbili zinatosha, maana haielekei pikipiki tatu zikatiwe waya wiki moja. Nilimwambia meneja mpya hesabu hiyo akaielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Tulichobishania ni aina ipi.

Yeye alitaka zile za shamba, za injini ya mipigo miwili, ambazo mnyororo wake umefunikwa wote kwa boksi. Hakukosea. Huku kwetu chumvi ndiyo adui: afisa wa Gongoni na Marereni anapita kando ya mashamba ya chumvi kila siku, na njiti za gurudumu zinaota kutu kabla tairi halijaisha. Mnyororo ulio wazi unakula chumvi na mchanga pamoja. Kwa ubora wa chombo, alikuwa na haki.

Mimi nilichukua daftari nikaandika vitu saba vinavyokufa mara kwa mara: plagi, waya wa klachi, waya wa moto, brekishuu, tyubu, beringi za gurudumu, na seti ya cheni na sproketi zake mbili. Nikazunguka maduka ya spea ya Malindi mjini, kisha Gongoni, kisha Marafa, nikiuliza kila kimoja kwa kila aina. Sikuuliza bei kwanza, niliuliza, "Unacho hapa, sasa hivi, nikione?" Za shamba, vingi viliagizwa Mombasa. Za Boksa BM 150 nilivikuta vyote saba hata Marafa, kwa sababu bodaboda nusu ya steji walikuwa wanaiendesha. Daftari likamaliza ubishi. Chumvi tungepambana nayo kwa kuosha kwa maji baridi na kupaka mnyororo oili kila Ijumaa. Spea isiyokuwepo hupambani nayo kwa lolote.

Zile za zamani ziliuzwa kidogo kidogo, Boksa zikaja. Fundi wetu, mzee wa Kigiriama aliyekuwa na kibanda karibu na soko, ndiye aliyewafundisha maafisa. Alikataa kuwafundisha darasani. Alisimamisha pikipiki moja, akawaita mmoja mmoja washike wenyewe: mnyororo unalegea kiasi gani katikati (upana wa vidole viwili hivi), mkono wa klachi una mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta, oili inapimwa chombo kikiwa kimesimama wima na si kwenye stendi ya pembeni. Kwa sababu aina ilikuwa moja, alichomwonyesha wa Watamu kilikuwa kweli kwa wa Garashi. Mtu akikwama porini alipiga simu, na fundi alimwelekeza boliti kwa boliti huku amefumba macho. Afisa wa Langobaya aliwahi kukatikiwa waya, mwenzake akauchomoa wake akampa amalize wateja, yeye akabaki kwa mwenyeji akinywa chai hadi nilipompelekea mwingine.

Ofisi kuu Nairobi ikafurahi, ikaona sasa kila kitu kinunuliwe kwa jumla. Wakatutumia mtungi wa oili wa lita ishirini. Fundi akamwaga oili ya zamani, akatia hiyo mpya, pikipiki baada ya pikipiki, wiki moja kazi ikaisha.

Wa kwanza kulalamika alikuwa afisa wa Marafa. Alisema akipanda mlima na mzigo, injini inapiga kelele lakini pikipiki haiendi. Fundi akakaza waya wa klachi. Kesho yake akaja wa Garashi, malalamiko yaleyale. Halafu wa Gongoni, ambako hakuna hata mlima wa kusingizia. Mzee akaweka spana chini akaniangalia.

"Dada, watu hawaumwi tumbo siku moja nyumba nzima mpaka wawe wamekula chungu kimoja."

Akaniuliza ni pikipiki gani haijaguswa. Ilikuwa moja tu, ya afisa wa Watamu aliyekuwa likizoni. Tukaitoa stoo, fundi akampakia kijana wake, akatia gia ya juu na kufungua moto wote barabara ya Mombasa. Ikavuta vizuri. Akapanda ya Gongoni, akafanya vilevile: sauti ikapanda, mwendo ukabaki palepale. Waya zote mbili zilikuwa na mchezo sawa. Kilichotofautiana ni oili.

Klachi ya gari ni kavu, imekaa mbali na oili ya injini. Ya pikipiki kama hizi inaogelea katika oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za kisasa za magari, hasa nyepesi kama 10W-30, hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye pleti za klachi, inazinyima kile kinachozifanya zishikane. Oili ya pikipiki huandikwa JASO MA kwenye kopo, maana yake imepimwa kwa klachi inayolowa. Nikageuza mtungi. Ulikuwa 10W-30 ya magari, na herufi hizo hazikuwepo popote. Oili tuliyokuwa tukitumia zamani ilikuwa 20W-50 yenye MA.

Hapo niliona upande ambao daftari langu halikuwa na safu yake. Zamani pikipiki ikiharibika, zilizobaki zilikuwa na ugonjwa mwingine au hazikuwa na ugonjwa. Sasa kosa moja la manunuzi lilisimamisha karibu kikosi kizima, na wateja wa Marafa hawakutembelewa siku kadhaa.

Tulimwaga zote, tukatia oili sahihi, zikaendeshwa siku chache, tukamwaga tena kusafisha mabaki. Nyingi zilirudi kushika. Zilizokuwa zimebeba mizigo milimani hazikurudi. Kuteleza kulizipasha moto pleti zikaungua, na fundi alizijua kwa harufu alipofungua kava. Hizo zilihitaji pleti mpya, na duka la pili tulilouliza Malindi lilikuwa nazo zote kwenye rafu moja. Mzee alizifunga jioni ileile.

Nikaandikia Nairobi kwamba chochote kitakachonunuliwa kwa jumla, iwe oili, brekishuu au cheni, kitafungwa kwanza kwenye pikipiki moja kwa wiki mbili, ndipo nigawe. Wakakubali. Meneja akaniuliza kwa nini nimechagua kujaribia ya kwake. Nikamjibu kwamba ndiyo inayolala karibu na stoo.